Linki inasema 412, kampuni inasema 187: niandike namba ipi kwenye ripoti?

#1 Kamera_Moja

Wakuu, habari zenu. Ripoti natakiwa kuituma Ijumaa na nimekwama.

Nilitengeneza video ya dakika 11 kuhusu begi la kubebea kamera, nikilipwa na kampuni inayoliuza mtandaoni. Tulikubaliana malipo ya msingi, halafu kuna nyongeza endapo linki zangu zitaleta "watu 300" kwenye ukurasa wa begi ndani ya siku 14. Niliweka linki tatu tofauti, zote nimezifupisha kwa Bitly: moja kwenye maelezo ya video, moja kwenye komenti niliyoibandika juu, na moja kwenye wasifu wangu wa Instagram.

Siku 14 zimeisha. Video imetazamwa mara 38,400. Bitly inaonyesha mibofyo 412: maelezo 268, komenti 96, Instagram 48. Nikajua nyongeza ninayo. Jana meneja wao wa masoko ananiandikia kwamba Google Analytics yao inaonyesha ziara 187 kutoka kwenye kampeni yangu, basi.

Sijanunua mibofyo, na yeye sioni sababu ya kunidanganya. Tumefanya kazi vizuri tu. Namba zimeachanaje hivi? Na kwenye ripoti niandike ipi?

#2 Mzee wa Lenzi

Andika 412 ulale. Hiyo ndiyo uliyopimiwa na chombo unachokishika mwenyewe. Ya kwao wanaijua wao.

#3 Fundi_Tovuti

Mzee, hapana. Akiandika 412 na mwenzake ana 187 mezani, ripoti nzima haitaaminika, hata sehemu zilizo sahihi.

Kamera_Moja, Bitly na Analytics hazipimi kitu kimoja. Bitly inahesabu mtu anapopita mlangoni kwake, kabla hajafika dukani. Analytics inahesabu baada ya ukurasa kufunguka na kile kipande chao cha programu kufanya kazi ndani ya kivinjari. Katikati hapo watu wanapotea: mtandao wake ni wa polepole akarudi nyuma, anatumia kizuizi cha matangazo, amekataa vidakuzi, au amebofya mara mbili. Ndani ya dakika 30 Analytics humhesabu ni ziara moja hata kama alianza na linki ya maelezo akarudi kubofya ya komenti, wakati Bitly imeandika mibofyo miwili.

Kwa hiyo kupungua ni kawaida. Ila kupungua zaidi ya nusu mimi kunanitia shaka. Weka hapa linki nzima, ile ndefu kabla hujaifupisha. Jina la kampuni lifiche.

#4 dogo_wa_shorts

Samahani wakuu, na mimi nina shida hiyohiyo. Nimeweka linki kwenye maelezo ya Shorts tangu mwezi uliopita, mibofyo sifuri kabisa. Bitly imeharibika?

#5 Bi Safu

Dogo, hiyo si shida hiyohiyo. YouTube ilizima linki za kwenye maelezo na komenti za Shorts tangu 31 Agosti 2023. Zinaonekana kama maandishi tu, hazibofyeki. Unachoweza kufanya ni kuiunganisha Shorts na video yako ndefu kama video inayohusiana, halafu linki ikae kwenye ile ndefu. Na kama kampuni imekulipa kwa linki ya Shorts, waambie leo, usisubiri wagundue wenyewe.

#6 dogo_wa_shorts

Duh. Asante dada. Ngoja niwaandikie.

#7 Kamera_Moja

Fundi, hii hapa ya maelezo. Hizo nyingine zinafanana nayo, mwisho tu ndio unabadilika: `komenti`, na ya Instagram ina `utm_source=instagram` na `utm_content=bio`.

```
https://www.example.com/begi?utm_source=youtube&utm_medium=video&utm_campaign=begi-juni&utm_content=maelezo
```

#8 Fundi_Tovuti

Imeandikwa vizuri. Herufi zote ndogo, hakuna nafasi, alama ya kuuliza ni moja. Nilikuwa naogopa umeandika `YouTube` kwenye linki moja na `youtube` kwenye nyingine, maana Analytics huzichukua kama vyanzo viwili tofauti, na mtu akichuja kwa jina moja anapoteza nusu bila kujua. Nimeona pia mtu ameweka mkia wote, yaani yale maneno ya `utm` yanayoitambulisha kampeni, baada ya alama ya `#`. Ukurasa unafunguka vizuri, hakuna anayestuka, lakini Analytics haiusomi mkia ule hata kidogo.

Kwako si hayo. Sasa fungua hiyo linki kwenye kompyuta, dirisha la faragha, halafu uangalie anwani iliyobaki juu baada ya ukurasa kutulia. Mkia upo?

#9 Sauti ya Kaskazi

Mimi nimeshapoteza nyongeza kwa jambo hilihili, nikajifunza: linki za kufupisha zinahesabu roboti. Ukiituma kwenye kundi lolote la kuchati, roboti anaingia kutengeneza ile picha ndogo ya hakikisho, anahesabiwa. Kwa maoni yangu 187 ndiyo ukweli wote na hizo nyingine ni hewa. Pole lakini kubali.

#10 Fundi_Tovuti

Sauti, roboti wapo kweli, lakini huwezi kuwatwisha mibofyo 225. Wanaozitoa hizo linki huchuja roboti wengi wanaojulikana. Wanaoponyoka huonekana kwa muda wao: hufika kwa mkupuo, dakika zilezile linki ilipotumwa mahali. Kamera_Moja, ulituma linki popote kabla video haijatoka hadharani?

#11 Kamera_Moja

Ndiyo! Niliituma ile ya maelezo kwenye kundi letu la kazi, mimi, mhariri na watu wa kampuni, ili waijaribu. Nimeangalia Bitly sasa hivi: kabla ya saa ya kutoka video tayari kulikuwa na mibofyo 23.

#12 Bi Safu

Hiyo 23 iondoe leo hii. Ni nyie wenyewe pamoja na hao roboti wa hakikisho. Maelezo inabaki 245, jumla 389. Mimi nakaa upande wa pili, nazipokea ripoti hizi kutoka kwa watengeneza video, na naomba niseme kitu: anayejipunguzia mwenyewe 23 na kuandika sababu, namba zake nyingine nazisoma kwa moyo mwingine kabisa.

Jingine. Neno "watu" kwenye makubaliano yenu ni baya. Mibofyo si watu, ziara si watu. Hata 187 ikichambuliwa inaweza kuwa watu 170 na kitu, kwa sababu wengine wamerudi siku ya pili. Mlipaswa kuandika ni kipimo gani, cha chombo gani, kinasomwa na nani.

#13 Mzee wa Lenzi

Bi Safu, sasa unamwambia leo wakati karatasi imeshasainiwa.

#14 Bi Safu

Namwambia kwa ajili ya karatasi inayofuata, Mzee. Na kwa hii ya sasa, kwa vile neno halina maana moja, ana haki ya kuonyesha vipimo vyote viwili bila kuonekana anachezea namba.

#15 Kamera_Moja

Fundi, nimefanya ulivyosema #8. Nimebofya, ukurasa wa begi umefunguka, lakini anwani imekuwa nyingine, `www.example.com/mabegi/begi-kamera`, na mkia HAUPO. Nikajaribu kwenye simu, vilevile. Lakini nakumbuka siku ya kutoa video nilijaribu linki zote tatu na mkia ulikuwepo. Nina skrinshoti!

#16 Fundi_Tovuti

Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta. Wamehamisha ukurasa. Anwani ya zamani inamwelekeza mtu kwenye mpya, na aliyeandika hilo elekezo hakuweka kanuni ya kubeba mkia. Mtu anafika salama, anaona begi, anaweza hata kununua, ila amefika bila kitambulisho. Kama unaweza kutumia dirisha la amri, hakikisha hivi:

```
curl -sIL "https://www.example.com/begi?utm_source=youtube" | grep -i '^location'
```

Itakuonyesha kila kituo anachopitishwa mgeni. Ukiona mstari wa `location:` wenye anwani mpya isiyo na `utm_source`, una ushahidi wa kuwapelekea.

Sasa kamuombe meneja kitu kimoja kwa upole: ziara za kampeni yako siku kwa siku. Jumla haitusaidii. Kama nadhani sawasawa, kuna siku laini yake inakatika ghafla.

#17 Hariri_Usiku

Au tofauti ya saa? YouTube Studio inahesabu siku kwa saa za Pasifiki za Marekani, Analytics inafuata saa aliyoweka mwenye tovuti. Niliwahi kugombana na mteja siku mbili kwa sababu hiyo.

#18 Fundi_Tovuti

Ni kweli kwa kulinganisha siku na siku, kuna saa kadhaa zinaangukia siku nyingine. Kwa jumla ya siku 14 inagusa kingo tu, haiwezi kula 200. Ila Kamera_Moja, ukichora siku kwa siku kumbuka hilo, usije ukalisukumia elekezo kosa la siku ambayo si yake.

#19 Kamera_Moja

Meneja amenijibu haraka kuliko nilivyotarajia, amenitumia jedwali zima. Tazameni.

Siku ya 1 hadi ya 5: Bitly 251 (nimeshaondoa zile 23), ziara zao 187.
Siku ya 6 hadi ya 14: Bitly 138, ziara zao 0.

Sifuri! Zile 187 zote ni za siku tano za kwanza. Nimemuuliza kuhusu ukurasa, ameulizia kwa mtu wa tovuti, na kweli: asubuhi ya siku ya 6 walipanga upya kurasa za mabegi yote. Hakuna aliyejua kwamba linki zangu zinapita pale.

#20 Sauti ya Kaskazi

Nafuta niliyosema #9. Sikuwaza kabisa upande wa tovuti yao. Sasa najiuliza na ile ya kwangu ilikuwa hivi au la, na siwezi tena kujua.

#21 Mzee wa Lenzi

Basi nilikuwa sahihi tangu #2, aandike yake. Kosa ni la kwao.

#22 Fundi_Tovuti

Hujawa sahihi bado, Mzee, ingawa umekaribia kwa kubahatisha. Ona siku tano za kwanza, wakati kila kitu kilikuwa kizima: mibofyo 251 ilizaa ziara 187. Hiyo ni kama tatu kwa kila nne. Robo ilipotea kwa njia za kawaida nilizotaja #3. Kwa hiyo hata bila kosa lao, 389 isingekuwa ziara 389.

Kamera_Moja, bado kuna la kuomba. Watu wa siku ya 6 mpaka 14 hawakuyeyuka. Wameandikwa mahali pengine. Waliotoka kwenye programu ya YouTube simuni wengi wataonekana `(direct) / (none)`, waliotoka kwenye kompyuta wataonekana `youtube.com / referral`, wa Instagram nao wana safu yao ya rufaa. Muombe ziara zilizoanzia kwenye ukurasa wa begi, anwani zote mbili, ya zamani na mpya, kwa safu hizo, siku ya 6 hadi 14. Halafu muombe hizohizo kwa siku tisa za kabla ya video, ili tujue kawaida yao ni ngapi.

#23 pembe_nne

Nimesoma uzi wote. Naona mnazunguka. Mimi siandiki mibofyo kabisa kwenye ripoti, natumia neno la punguzo. Mtu akinunua na neno langu ni wangu, hakuna Bitly wala mkia wa kukatika.

#24 Ua_Jekundu

pembe_nne, neno la punguzo nalo lina tundu lake. Langu la mwaka jana lilitumika vizuri wiki mbili, likatulia, halafu wiki ya saba likaanza kupanda wakati video haitazamwi tena. Nikafurahi, nikaandika kwenye ripoti "video inaendelea kuuza". Kampuni ikafuatilia, ikakuta neno limewekwa kwenye tovuti za kukusanya kuponi. Watu walikuwa wameshafika kwenye malipo kwa njia zao, wakatafuta punguzo, wakakuta langu. Hawajawahi kuniona maishani. Ilibidi niandike upya ripoti na kuomba radhi, na ninaumia mpaka leo kwa sababu wiki mbili za mwanzo zilikuwa halali kabisa na zikatiliwa shaka pamoja na zile nyingine.

Dalili ni hiyo: matumizi ya neno yanapanda bila utazamaji kupanda. Sasa hivi nachora mistari miwili kwenye karatasi moja kabla sijaandika chochote.

#25 Kamera_Moja

Asante Ua, neno la punguzo ninalo pia. Kampuni inasema limetumika kwenye oda 29. Na linki zimehesabiwa oda 14. Kwa hiyo oda 43?

#26 Bi Safu

USIJUMLISHE. Aliyebofya linki yako akaandika na neno lako yumo kwenye orodha zote mbili. Muombe meneja oda ngapi zina vyote viwili.

#27 Kamera_Moja

Amesema 9.

#28 Bi Safu

14 na 29 ni 43, toa 9 zilizohesabiwa mara mbili, una oda 34. Na kumbuka zile 14 za linki ni za siku tano za kwanza tu, kwa sababu baada ya hapo hakuna oda ingeweza kuonyesha mkia wako. Liandike hilo kwa sentensi moja pembeni ya namba. Usijaribu kukisia oda za siku zilizobaki. Ziara unaweza kuzikadiria kwa ushahidi wa safu nyingine. Oda ni chache mno, ukikisia utakuwa unatunga.

#29 Kamera_Moja

Jibu la #22 limefika. Ziara zilizoanzia ukurasa wa begi bila mkia, safu zote tatu pamoja, siku ya 6 hadi 14: 120. Siku tisa za kawaida kabla ya video: 14. Ziada 106.

Kwa hiyo 187 na 106 ni 293. Jamani. Zimepungua saba kufika 300.

#30 Mzee wa Lenzi

Saba! Andika 300.

#31 Fundi_Tovuti

Andika 293. Na uone jambo zuri lililojificha hapo: siku za mwanzo ziara zilikuwa asilimia 74.5 ya mibofyo. Siku za mwisho, hiyo ziada ya 106 kwa mibofyo 138 ni asilimia 76.8. Vipindi viwili vimehesabiwa kwa njia mbili tofauti na vimekaa karibu. Mimi hilo linaniridhisha kwamba waliopotea tumewapata.

#32 Hariri_Usiku

Mimi halijaniridhisha. Wanaotazama kwenye televisheni hawabofyi. Wanachukua simu, wanaandika jina la begi, wanaingia. Hao nao wanakuja bila mkia, na walikuwepo hata siku za mwanzo. Sasa kama kwenye hiyo 106 kuna watu wa aina hiyo, si wa linki, na makubaliano yanasema "linki zangu zikileta". Muombe safu zilezile kwa siku ya 1 hadi 5.

#33 Kamera_Moja

Nimeomba, ingawa sasa naona nimeshamchosha. Siku 1 hadi 5 bila mkia: 31. Kawaida ya siku tano: 8. Ziada 23.

#34 Hariri_Usiku

Umeona? Hao 23 wamekuja kwa sababu ya video na hawakugusa linki yoyote, maana siku hizo linki zilikuwa nzima. Basi ndani ya 106 yako kuna wenzao, sijui kumi, sijui ishirini. Kwa linki peke yake uko chini ya 293.

#35 Ua_Jekundu

Na kwa video nzima yuko juu: 187, 106 na 23 ni 316. Kampuni ililipa ili watu waje, haikulipa ili watu waguse kitufe.

#36 Hariri_Usiku

Makubaliano yanasema linki, dada.

#37 Ua_Jekundu

Na yanasema watu, kaka. Na linki walizivunja wao.

#38 Bi Safu

Hili mkilibishana hapa mpaka kesho halitaisha, litaamuliwa na yeye na meneja wake. Kamera_Moja, kazi yako ni kumpa karatasi ambayo anaweza kuipeleka kwa bosi wake bila wewe kuwepo chumbani. Ukurasa mmoja. Mimi nikipokea ripoti nasoma mistari mitatu ya juu, halafu naenda moja kwa moja kwenye namba inayotofautiana na yangu. Nikikuta imeelezwa, natulia. Nikikuta imefichwa, naanza kuchimba zote.

Tenganisha kilichopimwa na kilichokadiriwa. Wasikae kwenye mstari mmoja, wala usiwajumlishe kwa wino mzito. Na kwenye kila namba sema imetoka chombo gani na tarehe ya kusomwa, kwa sababu utazamaji wa leo si wa kesho.

#39 Kamera_Moja

Nimeandika hivi. Nikosoeni.

> Ripoti ya matokeo: video ya begi la kamera, siku 14 za kwanza
>
> Video imetazamwa mara 38,400 (YouTube Studio, imesomwa siku ya 14). Linki tatu zilibofywa mara 389, yaani takriban mbofyo mmoja kwa kila mara 99 za kutazamwa. Oda zinazotambulika kwa linki au neno la punguzo ni 34.
>
> Mibofyo kwa mahali (Bitly): maelezo ya video 245, komenti ya juu 96, Instagram 48. Nimeondoa mibofyo 23 ya majaribio iliyofanyika kabla ya video kutoka.
>
> Ziara zilizopimwa (Google Analytics yenu): 187, zote siku ya 1 hadi 5. Asubuhi ya siku ya 6 ukurasa wa begi ulihamia anwani mpya na elekezo halikubeba mkia wa linki, hivyo ziara za baadaye hazikutambulika kuwa za kampeni. Linki ziliendelea kubofywa: mara 138 siku ya 6 hadi 14.
>
> Makadirio, si kipimo: siku ya 6 hadi 14 ukurasa ulipata ziara 106 zaidi ya kawaida kutoka safu zisizo na mkia. Sehemu kubwa inaelekea kuwa ya linki hizi. Sehemu ndogo inaweza kuwa ya watu waliotazama na kuja wenyewe bila kubofya, kwani siku ya 1 hadi 5 pia kulikuwa na ziada ya 23 ya aina hiyo.
>
> Oda: linki 14 (siku ya 1 hadi 5 tu), neno la punguzo 29, zenye vyote viwili 9.
>
> Naambatanisha skrinshoti za Bitly na za majaribio ya linki siku ya kutoka video na siku ya 15.

#40 Fundi_Tovuti

Nzuri. Umesema "halikubeba mkia" bila kumnyooshea mtu kidole, ibaki hivyohivyo. Ongeza sentensi moja ya kuomba warekebishe elekezo, na wewe usisubiri: maelezo ya video yanaharirika hata baada ya kutoka. Badilisha leo linki iende moja kwa moja kwenye anwani mpya ikiwa na mkia wake, ijaribu, kisha andika saa uliyobadilisha.

#41 pembe_nne

Ndefu. Mteja wangu mimi angeishia aya ya kwanza.

#42 Bi Safu

Na aya ya kwanza inatosha kwa huyo, pembe_nne, ndiyo maana imewekwa juu. Nyingine ni za atakayeuliza. Kamera_Moja, mimi ningeongeza jambo moja: komenti ya juu imeleta 96 kwa sentensi moja. Sema uliandika nini pale, maana kampuni itataka kuirudia na mwingine, na litakuwa jambo la kwanza watakalokukumbuka nalo.

#43 Sauti ya Kaskazi

Swali la pembeni: siku 14 zinatosha? Mimi video zangu za mafunzo zinatafutwa miezi mitatu baadaye.

#44 Hariri_Usiku

Kwa video ya kutafutwa hazitoshi, mimi natuma ya siku 14 na ya siku 30. Bi Safu atasema siku 7, najua.

#45 Bi Safu

Siku 7 kwa Instagram, kwa sababu linki ya kwenye wasifu huwa imeshabadilishwa. Kwa YouTube nakubaliana na wewe, 30.

#46 Kamera_Moja

Wakuu, mrejesho. Ripoti niliituma Alhamisi na sentensi mlizonishauri. Meneja amejibu kwamba ameielewa na elekezo limerekebishwa. Kuhusu nyongeza, amesema 293 si 300 lakini pia anaona si haki kulihesabu kosa la tovuti kwangu, kwa hiyo amelipeleka juu pamoja na ripoti yenyewe. Ameomba niisome tena namba siku ya 30.

Jana, siku ya kwanza kamili tangu nibadilishe linki: Bitly 9, ziara zao 7.

#47 Fundi_Tovuti

Saba kwa tisa. Robo ileile inayopotea njiani, imerudi mahali pake.

#48 Hariri_Usiku

Siku moja, mibofyo tisa, Fundi. Subiri ya 30 kwanza.